Salim yupi? Kwa mnaoanza kunukuu majina kutoka herufi za Kiarabu

Wengi wanaoanza kufasiri hati huingia kazini wakiamini kwamba kila jina la Kiarabu lina tahajia moja sahihi kwa herufi za Kilatini, na kwamba kazi yao ni kuitafuta mpaka waipate. Haipo. Ukiishika imani hiyo utaharibu faili za watu, tena kwa nia njema kabisa.

Sababu iko kwenye maandishi yenyewe. Herufi za Kiarabu hubeba konsonanti na irabu ndefu, ila irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. محمد ni herufi nne tu: m, h, m, d. Irabu anazitia msomaji kwa jinsi anavyotamka yeye, na anayeandika kwa Kilatini huandika alichosikia: Muhammad, Mohammed, Mohamed. Konsonanti nazo hazitulii. Herufi ق huandikwa q, k au g. Herufi ج ni j kwa wengi, lakini Mmisri huitamka g, ndiyo maana جمال mmoja ni Jamal na mwingine ni Gamal. Palipozoeleka tahajia ya Kifaransa, ش inakuwa ch na و inakuwa ou, basi Rashid anageuka Rachid na Walid anakuwa Oualid. Na kumbuka kwamba herufi za Kiarabu si za Waarabu peke yao: رضا akiwa Mwirani kwa kawaida ni Reza, akiwa Mpakistani aghalabu ni Raza, akiwa Mwarabu huenda akawa Rida au Ridha. Kabla ya kuuliza jina linaandikwaje, uliza mwenyewe ni wa lugha gani.

Kuna mifumo ya kitaalamu ya unukuzi, kama ISO 233 na DIN 31635, yenye nukta chini ya herufi na vistari juu ya irabu. Ni mizuri kwa maktaba na utafiti, kwa sababu humwezesha msomaji kujua herufi gani ilikuwa nyuma ya nyingine. Kwenye cheti cha mtu aliye hai mwenye pasipoti, isahau. Ukimwandikia mteja *ʿAbd ar-Raḥmān Sālim aš-Šarīf*, kitaaluma hujakosea, lakini afisa anayelinganisha na pasipoti ataona mtu asiyemjua.

Kinachotawala ni pasipoti. Tahajia iliyomo humo ndiyo jina la mtu kwa Kilatini, uipende usiipende. Usisome jina lililopambwa juu ya ukurasa peke yake; shuka chini kwenye mistari miwili inayosomwa na mashine. Tuseme mwenye pasipoti anaitwa عبد الرحمن سالم الشريف, jina nililolitunga kwa ajili ya mfano huu. Mstari wa kwanza utakuwa hivi, UTO ikiwa ni alama ya nchi ya kubuni inayotumika kwenye vielelezo:

```
P<UTOAL<SHARIF<<ABDULRAHMAN<SALIM<<<<<<<<<<<
```

Mstari una nafasi 44, na 39 kati yake ni za jina. Hapo zinaruhusiwa A hadi Z tu pamoja na alama `<`. Ritifaa hudondoshwa, na kistari hugeuka `<`. Kwa hiyo Al-Sharif na Al Sharif kwa mashine ni kitu kimoja, lakini Alsharif iliyoshikana si hiyo tena. Alama mbili `<<` ndizo zinazotenga jina la ukoo na majina mengine. Nakili kutoka hapo, usibuni. Na usishtuke siku ukikutana na MXHMD mahali ulipotarajia Mohamed: jedwali la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika Hati 9303 huipa ح alama ya XH na halitii irabu zisizoandikwa. Nchi nyingi hutumia tu tahajia iliyozoeleka, lakini hiyo nayo ni halali.

Sasa tulichukue faili la huyo Abdulrahman. Lina hati tano. Pasipoti ina Kiarabu na Kilatini. Cheti cha kuzaliwa ni cha Kiarabu kitupu. Shahada ya chuo ina lugha mbili, na kwa Kilatini imeandika Abdel Rahman Salem El Sherif. Barua ya mwajiri ni ya Kifaransa: Abderrahmane Salem Cherif. Cheti cha ndoa, Kiarabu kitupu.

Mgeni wa kazi hii hutazama tahajia tatu za Kilatini zilizopishana na kuona huko ndiko kwenye tatizo. Mimi huanza kwa kuchora jedwali. Kila hati ina mstari wake, na safu ya kwanza kabisa ni ya Kiarabu jinsi kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, bila kurekebisha chochote. Kilatini kinafuata katika safu ya pili, na ya tatu ni ya tarehe ya kuzaliwa na jina la mama iwapo yametajwa. Jedwali likishajaa, soma safu ya Kiarabu kuanzia juu hadi chini kabla hujagusa ile ya pili.

Ukifanya hivyo kwa faili hili utaona kwamba shahada ina Kiarabu kilekile cha pasipoti. Abdel Rahman na El Sherif ni masikio ya Kimisri tu. Barua ya Kifaransa haina Kiarabu, lakini tofauti zake zote zina maelezo: ch ni sh, e ya mwisho ni desturi ya Kifaransa, na Abder ni ile lamu ya *al* iliyomezwa na ra inayofuata, kama inavyotokea mbele ya herufi za jua. Kiambishi *al* cha jina la ukoo kimeachwa, jambo la kawaida kabisa. Tarehe ya kuzaliwa inalingana. Mpaka hapo hatuna majina matatu. Tuna jina moja lililoandikwa mara tatu.

Halafu unafika kwenye cheti cha ndoa na unakuta عبد الرحمن سليم الشريف.

Rudi ukatazame tena. سالم ina alifu baada ya sini. Irabu ndefu ni ile ya kwanza. سليم ina herufi ي baada ya lamu. Irabu ndefu ni ya pili. Ni majina mawili tofauti ya baba, lakini kwa Kilatini cha kawaida yote mawili huandikwa Salim. Mfasiri anayetaka faili lipendeze angeandika Salim kila mahali, kila kitu kingelingana, na kosa pekee la kweli katika faili zima lingefunikwa na mkono wake. Miaka michache baadaye mtu anayesoma Kiarabu akishika cheti hicho, ataanza kuuliza kama aliyeoa ndiye huyu mwenye pasipoti.

Salim si peke yake. عامر na أمير wote hutoka Amir. Kuna pia عمر na عمرو: wa pili ni Amr, na ile waw ya mwisho haisomwi kabisa, imewekwa kumtofautisha na Umar. Usipolijua hilo utaandika Omaru na kumzaa mtu asiyekuwepo.

Basi kila tofauti unayoikuta iweke kwenye moja ya mafungu mawili. Kama Kiarabu ni kimoja na Kilatini ndicho kinachopishana, hilo ni suala la tahajia na lina dawa rahisi. Hati iliyo kwa Kiarabu kitupu utaiandikia tahajia ya pasipoti. Hati ambayo tayari ina Kilatini chake usiiguse: nakili kilichoandikwa, kisha weka maelezo ya mfasiri, kwa mfano, “Jina kwa Kiarabu ni عبد الرحمن سالم الشريف, katika pasipoti limeandikwa Abdulrahman Salim Al Sharif.” Mfasiri hana mamlaka ya kubadilisha kilichochapishwa na chuo, hata kama chuo kimeandika vibaya.

Kama Kiarabu chenyewe kinapishana, hilo si lako kulitibu. Kazi yako ni kulionyesha. Kwenye cheti cha ndoa hapo juu ningeandika Saleem kwa makusudi, ili macho yaone tofauti, kisha nieleze kwamba hati ya asili ina سليم huku pasipoti na cheti cha kuzaliwa vikiwa na سالم. Halafu namwambia mteja kabla sijagonga muhuri, si baada. Hapo wengine hukasirika na kuomba “urekebishe tu kidogo.” Kataa. Marekebisho hufanywa na ofisi iliyotoa cheti, kwa kawaida kwa kuonyeshwa hati ya zamani zaidi, yaani cheti cha kuzaliwa. Hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja inaweza kusaidia, lakini mteja aulize kwanza anakopeleka faili kama inapokelewa, maana si kila ofisi huiridhia.

Ipo hitilafu nyingine inayofanana na ya tahajia na kumbe si yake: mahali jina linapokatwa. عبد الرحمن ni jina moja lenye maneno mawili, mja wa Mwingi wa Rehema. Fomu yenye visanduku vya jina la kwanza, la kati na la ukoo humshawishi karani aandike Abdul katika cha kwanza na Rahman katika cha pili. Salim anasukumwa hadi kwenye ukoo na Al Sharif anapotea. Herufi zote zinaweza kuwa sahihi na mtu bado asionekane kwenye mfumo. Ukiona “Bw. Abdul” kwenye barua yoyote, jua kisu kimeshapita.

Na mkifanya kazi kwa kompyuta, msiamini kitafutio peke yake. سليم iliyochapwa kwa kibodi ya Kiarabu ina herufi ي yenye namba U+064A. Ya kibodi ya Kiajemi ni U+06CC. Katikati ya neno zinaonekana sawasawa kwa macho, lakini kompyuta inaweza kusema haioni kitu. Vilevile alifu yenye hamza أ na ile isiyo nayo ا. Kabla ya kumwambia mteja kwamba jina halimo kwenye orodha, litafute tena kwa namna hizo zote.

Wanabaki watu wasio na pasipoti mbele yako: mama, mashahidi, kadhi aliyetia saini. Kwanza muulize mteja kama kuna hati yoyote yenye jina lao kwa Kilatini, hata kadi ya hospitali. Ikiwa hakuna, andika kwa kanuni moja uliyoichagua na uishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: kama umeamua ة ya mwisho ni *a* bila *h*, basi Fatima asigeuke Fatimah kwenye kiambatisho. Kanuni hiyo pamoja na lile jedwali vihifadhi kwenye faili la mteja, kwa sababu atarudi na hati ya sita, na huenda siku hiyo anayeipokea si wewe.