Mzazi wa siku tisa na maumivu ya kifua

Nawaandikia nyinyi mnaoanza zamu za dharura huku Pemba. Usiku wa manane atakuja mwanamke kijana anayeumwa kifua, na kila utakachomuuliza kitakwambia moyo haumhusu: hana sukari, hana presha, havuti sigara, si mnene. Mimi nilikaribia kumrudisha nyumbani mmoja wa namna hiyo.

Alikuwa na miaka 36, amejifungua mtoto wa tatu siku tisa nyuma, bado yumo ndani ya arubaini. Maumivu yalimshika akinyonyesha: kifua kimebanwa katikati, mkono wa kushoto mzito, jasho jembamba, na kichefuchefu. Mama mkwe alisema ni chango, akampa uji wa pilipili manga. Kwenye kituo cha kwanza wakasema ni vidonda vya tumbo, wakamwandikia omeprazoli. Alipofika kwetu presha ilikuwa 124/78, na kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha chochote cha kutisha. Nikaanza kuandika "kiungulia". Muuguzi niliyekuwa naye zamu akaniambia, "Daktari, mbona jasho halikauki?"

Kwa neno lake hilo nikarudia kipimo baada ya dakika arobaini. Mawimbi ya T yalikuwa yamepinduka kuanzia V2 hadi V4, upande wa mbele wa moyo. Troponini ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya pili, saa tatu baadaye, ilikuwa imepanda sana. Kwa hiyo, kipimo kimoja kikiwa safi hakijakwambia kitu. Mgonjwa mwenye dalili kama hizi asiondoke kabla hujarudia vyote viwili.

Kilichompata si mafuta kuziba mshipa, ni mchaniko wa ateri ya moyo unaotokea wenyewe, kwa Kiingereza SCAD. Ukuta wa ateri ya moyo una tabaka, na kwa wengine tabaka hizo huachana zenyewe, au damu huvuja katikati yake, ikavimba na kuubana mshipa kutoka ndani ya ukuta wenyewe. Damu inayopita hupungua, na msuli wa moyo huanza kufa. Takriban tisa kati ya kumi wanaopatwa na hali hii ni wanawake, wengi wa umri wa miaka 40 hadi 50 na kitu, na ndiyo sababu kubwa ya shambulio la moyo kwa wajawazito na wazazi, hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Ndiyo maana maswali yetu ya sukari na sigara yanatupotosha: yametungwa kwa ugonjwa mwingine.

Usisahau hata hivyo kwamba mzazi anaweza pia kupata bonge la damu kwenye mapafu, au kuchanika kwa mshipa mkuu. Nilimpima presha mikono yote miwili, ikalingana. Oksijeni ilikuwa 98, miguu haikuvimba.

Tulimpa aspirini miligramu 300 atafune, tukamwanzishia na heparini. Mwenzangu akapendekeza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kama tunavyofanya kwa wazee. Nilikataa, kwa kuwa sehemu ya ST haikuwa imepanda, na kwa mzazi kama huyu dawa hiyo inaweza kuzidisha damu ndani ya ukuta na kuurefusha mchaniko. Ukikuta ST imepanda, uamuzi ni mgumu zaidi: mpigie daktari bingwa wa moyo kabla hujachoma chochote, na mwambie tangu sentensi ya kwanza kwamba ni mzazi.

Alisafirishwa hadi Dar es Salaam, akapigwa picha ya mishipa kwa katheta. Hata hapo ugonjwa hujificha, kwani mara nyingi mshipa hauonyeshi mpasuko, unaonekana tu mwembamba, laini, kwa urefu mkubwa, na asiyeuzoea husema ni wa kawaida. Wa kwake ulionekana, na hawakumwekea stenti. Waya na puto vinaweza kuusukuma mchaniko mbele zaidi, na mishipa mingi ya namna hii hupona yenyewe ndani ya wiki au miezi michache, ikiwa damu bado inapita na mgonjwa ametulia. Heparini ilisimamishwa picha ilipothibitisha, akaendelea na aspirini na dawa ya kupunguza mapigo. Walimlaza siku tano chini ya uangalizi, maana siku za mwanzo ndizo mchaniko hupenda kuendelea.

Alirudi Pemba na barua, na hapo kazi ikawa yetu. Mume alikuja kuuliza kama mkewe anaweza kuzaa tena. Nilimketisha yeye na mkewe pamoja, nikawaeleza kwamba tatizo linaweza kujirudia na mimba nyingine huongeza hatari, kwa hiyo wasijaribu bila kuonana na bingwa, na uzazi wa mpango uwe wa kitanzi cha shaba, si vidonge vyenye homoni. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Akauliza, "Na maumivu yakirudi?" Nikamwambia asimpikie uji, amlete.