Hesabu iliyofanya kampuni inilipie kozi ya PLC

Nikiwa fundi wa umeme katika kiwanda cha unga huko Thika, niliandika barua mbili za kuomba kampuni inilipie kozi, na zote mbili zikakataliwa. Ya tatu ilikubaliwa ndani ya wiki moja, kwa kozi ile ile na kwa meneja yule yule. Tofauti ilikuwa kwenye hesabu, na nataka niieleze hapa kwa urefu kwa sababu naona mafundi wengi wakikwama pale pale nilipokwama mimi.

Kwanza shida yenyewe. Mashine yetu ya kupakia paketi za kilo mbili inaendeshwa na PLC, kile kisanduku ndani ya paneli kinachopokea habari kutoka kwa sensa na kuamua mota ipi izunguke na kisu kikate wakati gani. Kubadilisha kontakta, rilei au fyuzi nilikuwa najua. Lakini mashine ikisimama bila kitu chochote kuungua, tulikuwa tunampigia simu fundi wa nje atoke Nairobi, na kila akija anadai shilingi 18,000.

Barua ya kwanza ilisema kozi itanipanulia ujuzi. Ikajibiwa kwamba bajeti haipo. Ya pili niliweka faida: nilichukua paketi ambazo mashine ingepakia katika saa zote ilizosimama, nikazidisha kwa bei ya kuuzia, nikapata mamilioni. Mhasibu aliniita ofisini, akaniuliza swali moja tu: "Fundi, kuna mteja hata mmoja aliyekosa unga siku hizo?" Hakukuwa na hata mmoja. Mahindi hayakupotea, unga ulipakiwa jioni, lori likaondoka kesho yake asubuhi. Hasara ya kweli ilikuwa ovataimu ya watu wa laini. Kiwanda chako kikiwa na nafasi ya kufidia kazi iliyolala, usihesabu mauzo, hesabu gharama ya kufidia. Mauzo yahesabiwe pale tu ambapo mashine inafanya kazi saa 24 na oda zinapotea kweli.

Basi nikaanza upya. Niliomba faili la ripoti za fundi wa nje za miezi 12 iliyopita nikazisoma moja moja. Alikuwa amekuja mara 11. Mara tatu kilikuwa kifaa kimekufa na ikabidi kinunuliwe kipya, kozi isingesaidia kitu. Mara mbili alibadilisha programu yenyewe kwa ajili ya saizi mpya ya paketi, na hilo mtu aliyesoma siku tano hafai kuligusa. Zilibaki mara sita ambapo sensa ilikuwa imesogea, imechafuka au waya wake umelegea, na PLC ikawa inasubiri ishara isiyokuja. Hizo sita ndizo nilizoziandika. Najua kishawishi cha kuandika zote 11 ni kikubwa, lakini msimamizi wa uzalishaji anazikumbuka, na akikukamata kwenye moja hata zile za kweli zinaanza kutiliwa shaka.

Mara sita kwa 18,000 ni 108,000. Kumsubiri fundi na kutengeneza kulichukua wastani wa saa tano. Nilikadiria mimi nikiwa hapo kiwandani itakuwa saa moja, kwa hiyo tunaokoa saa nne kila mara, jumla saa 24. Laini ina watu tisa na ovataimu ya kila mmoja ni shilingi 150 kwa saa, yaani 1,350 kwa wote. Saa 24 zinatoa 32,400. Faida ya mwaka ikawa 140,400.

Upande wa gharama ndio watu huupunguza, nami karibu niupunguze. Ada iliyotangazwa ilikuwa 50,000, lakini bila VAT. Ukiongeza asilimia 16 inakuwa 58,000, na kama kampuni inarudishiwa VAT hiyo au la, mwachie mhasibu aseme. Nauli na chakula cha siku tano 4,000. Mshahara wangu wa siku hizo ambazo sipo kazini 10,000. Kibarua wa kushika zamu yangu 7,500. Kebo ya kuunganisha laptopu na PLC 6,500. Jumla 86,000, maana yake pesa inarudi kwa miezi kama saba na nusu. Chini yake nikaweka hesabu ya pili: nikifaulu mara nne tu badala ya sita, faida ni 93,600 na pesa inarudi kwa miezi 11. Meneja aliniambia baadaye kwamba mstari huo wa pili ndio uliomfanya asaini.

Kuna jambo moja lililokaribia kuharibu yote. Chuo cha kwanza nilichopata kilikuwa kinafundisha PLC za Siemens kwa programu ya TIA Portal. Nilipofungua paneli na kupiga picha kibandiko, PLC yetu ilikuwa Delta ya aina ya DVP, ambayo hutumia WPLSoft au ISPSoft, na hizo hupakuliwa bure. Ningekwenda kozi ile ningerudi na cheti, kisha nisimame mbele ya mashine nisiyoweza hata kuunganisha nayo. Piga picha kibandiko kabla hujaomba bei popote. Pia ulizia kama programu iliyo ndani imefungwa kwa nenosiri la aliyeuza mashine, kwa sababu kama imefungwa, nenosiri hilo liombwe kwanza.

Kwa walio Kenya, waajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri aliyelipa vizuri anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo. Lakini mkufunzi lazima awe amesajiliwa nao na kibali kiombwe kabla ya mafunzo kuanza. Nilimwonyesha afisa wa rasilimali watu jambo hilo wiki nne kabla. Sikuliingiza kwenye hesabu, maana pesa isiyo mkononi haihesabiwi.

Meneja hakuwa na swali juu ya tarakimu. Aliuliza, "Sasa fundi, ukishajua, si utatuacha?" Nilikuwa nimejiandaa. Nilikubali kufungwa na mkataba wa miezi 12, kwa ada ya 58,000 peke yake bila mshahara wala nauli, na deni lipungue kila mwezi ninaofanya kazi. Nikiondoka baada ya miezi tisa, nalipa ya miezi mitatu iliyobaki, 14,500. Niliomba pia iandikwe kwamba kampuni ikiniachisha yenyewe, sidaiwi. Usisaini mkataba usio na kipengele hicho.

Wiki ya tatu baada ya kurudi, mashine ilisimama saa nne asubuhi. Niliunganisha laptopu, nikafungua ule mchoro wa programu wenye umbo la ngazi, unaoonyesha ishara zikiingia papo hapo. X3, sensa inayosoma alama nyeusi kwenye karatasi ya paketi, haikuwaka hata alama ilipopita mbele yake. Nilipanda juu nikakuta jicho lake limefunikwa na vumbi la unga. Nililipangusa kwa kitambaa kikavu, X3 ikawaka, na dakika 20 tangu isimame laini ilikuwa inatembea. Niliandika tarehe, saa na sababu kwenye daftari, pamoja na 18,000 ambazo hazikutoka. Daftari hilo nalipeleka kwa mhasibu kila mwisho wa robo mwaka, bila kuombwa. Sasa ndilo ninalolitumia kuomba kozi ya pili, ile ya kubadilisha programu yenyewe.