Beta ya mradi wa alizeti wenye mkopo mkubwa

"Wakuu, nina beta 1.2 ya kampuni ya mafuta ya kula iliyoko sokoni, mradi wangu wa kukamua alizeti hapa Dodoma utakuwa na mkopo asilimia 60, naweza kuitumia hiyo hiyo?"

Hapana mkuu, hiyo 1.2 imebeba na madeni ya wenyewe, yatoe kwanza. Tuseme deni lao ni nusu ya thamani ya hisa zao sokoni, sio ya vitabuni, na kodi 30%:

```
1.2 / (1 + 0.7 × 0.5) = 0.89
```

Hiyo ndo riski ya biashara tupu. Sasa wengi wanateleza hapa, mkopo asilimia 60 wanauingiza kama 0.6, wakati fomula inataka deni kwa mtaji wenu, yani 60 kwa 40, ambayo ni 1.5:

```
0.89 × (1 + 0.7 × 1.5) = 1.82
```

Hatifungani za serikali tuziweke 12% na nyongeza ya riski ya soko 7%, mwenye mtaji anatakiwa apate 12 + 1.82 × 7, kama 24.7%, ungebaki na 1.2 ungepata 20.4% na mradi ungeweza kuonekana unalipa kumbe haulipi.

Ila fomula inachukulia mkopo hauna riski kabisa, na kwa asilimia 60 mvua ikigoma Kongwa mbegu zikakosekana benki nayo inaumia, kwahiyo hiyo 1.82 ichukulie iko juu kidogo.