Heda imepotelea njiani? Majibu ya maswali yenu

Kaka, apu yangu nikiipiga kwenye laptopu inakubali, nikiipandisha seva nyuma ya nginx inarudisha 401. Heda ya api_key haifiki kabisa.

Ni hiyo andasko, kale kamstari ka chini kati ya api na key. Kwa defolti nginx inaihesabu heda yenye andasko kuwa mbovu, inaitupa, halafu rikwesti inaendelea na safari bila yenyewe. Kwenye logi huoni kitu kwa sababu ujumbe wake ni wa levo ya info tu, na error_log ya kawaida inaanzia error. Ingia kwenye seva upige mara mbili, kwanza apu yenyewe halafu kupitia nginx:

```
curl -i -H 'api_key: abc123' http://localhost:3000/oda
curl -i -H 'api_key: abc123' http://localhost/oda
```

Ya kwanza ikikupa 200 na ya pili 401, weka error_log kwenye info upige tena, utakuta `client sent invalid header line` na jina la heda yako hapo hapo.

Kwani andasko ni kosa? Si niwashe tu underscores_in_headers yaishe?

Kosa siyo, sheria za HTTP zinairuhusu. Shida imetoka kwenye CGI ya zamani, ambayo jina la heda inalipandisha herufi kubwa, deshi inazigeuza andasko, mbele inabandika HTTP_, na PHP na Django mpaka leo wanasoma hivyo. Sasa chukulia proksi yako ikishamtambua mtu inaweka `X-User-Id: 7`, halafu mhuni anatuma ya kwake `X_User_Id: 1`. Zote mbili zinakuwa HTTP_X_USER_ID, na apu haina namna ya kujua ipi ya nani, mtu anaingia kwenye akaunti isiyo yake hivi hivi. Seva ya majaribio ya Django ilizibwa tundu hilo hilo 2015. Kwa hiyo mimi nasema badilisha jina liwe X-Api-Key. Kama klayenti wako tayari mikononi mwa watu na huwezi kuwagusa, basi iwashe, ila iweke kwenye bloku ya http, maana ukiiweka kwenye server moja tu nginx inaweza kufuata ya server ya defolti.

Nimebadilisha, ila kwenye Node req.headers['X-Api-Key'] inanipa undefined!

Heda imefika, wewe ndo unaiita kwa herufi ambazo Node haitumii, yenyewe inashusha majina yote kuwa madogo:

```
req.headers['x-api-key']
```

Kwenye Express tumia `req.get('X-Api-Key')`, hiyo haijali herufi. Jina la heda ni lile lile kubwa au dogo, na kila anayelipitisha ana haki ya kuliandika anavyotaka, Go inaandika X-Api-Key, HTTP/2 inalazimisha madogo matupu, kwa hiyo ukilinganisha majina mwenyewe kwenye kodi shusha pande zote mbili kwanza. Jina tu lakini, thamani usiiguse, abc123 na ABC123 ni funguo mbili tofauti.