Kaa wa kwanza asiwe mzaha: kupanga ugumu wa safari za mwanzo

Gemu yangu ya kwanza ya ukoo wa Rogue, zile ambazo ukifa unaanza safari upya, ilikuwa na panya. Panya wanne kwenye ghorofa ya kwanza, kila mmoja ana uhai 4 na anauma 1. Mchezaji alianza na uhai 30 na upanga wa kupiga 4. Ukihesabu hapo utaona kosa langu: kila panya alikufa kwa pigo moja, na mtu angeweza kuvuka ghorofa nzima huku macho yako kwenye kikombe cha kahawa. Nilijiambia kwamba wageni wanahitaji pahali pepesi pa kuanzia.

Jioni moja niliiweka kompyuta barazani kwetu, Mji wa Kale, mwana wa kakangu akacheza huku nikimtazama. Ghorofa ya kwanza aliimaliza bila kusema neno. Ya pili vilevile. Ya tatu akakutana na walinzi wa mikuki, akawaendea moja kwa moja jinsi alivyowaendea panya, akafa katika zamu nne. Akanigeukia: "Ami, hawa mbona hawana haki?" Haki walikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha, kwa ghorofa mbili mfululizo, kwamba adui huendewa na kupigwa tu.

Wengi wakifika hapa hukimbilia namba, na mimi nilikimbilia huko huko. Panya nikampa uhai 10 na meno ya 3. Matokeo yake ni kwamba ghorofa ya kwanza ikawa ndefu na ya kuchosha, na waliokufa hawakujua la kubadilisha, kwa sababu hapakuwa na la kubadilisha. Panya mgumu ni yule yule panya. Kinachofundisha ni pengo kati ya uhai anaoupoteza mchezaji mzembe na anaoupoteza mchezaji makini kwa adui yule yule. Kwa panya wangu pengo hilo lilikuwa sifuri kabla ya kuongeza namba, na lilibaki sifuri baada ya kuongeza. Ukijifunza kulipima pengo hilo umepata kipimo cha kazi hii.

Hapo nikamtoa panya nikamleta kaa. Gemu yenyewe inafanyika kwenye mapango ya pwani, kwa hivyo kaa ana pahali pake. Ana uhai 12. Mwendo wake ni wa zamu tatu: zamu ya kwanza anainua gando, ya pili analishusha kwenye mraba ulio mbele yake kwa pigo la 7, ya tatu anapumzika. Akilishusha pasipo mtu, gando linakwama mchangani, na katika zamu ile ya tatu pigo lako kwake ni maradufu.

Mfuate mzembe kwanza. Anapiga 4, kaa anabaki na 8 na kuinua gando. Anapiga tena, kaa anabaki na 4 na kushusha gando: mzembe amepoteza 7. Anapiga la tatu, kaa amekufa. Sasa makini. Anapiga 4, kaa anabaki na 8 na kuinua gando. Anasogea mraba mmoja kando, gando linakwama. Anapiga 8, kaa amekufa, naye hajapoteza kitu. Wote wawili wametumia zamu tatu. Hilo nililitaka makusudi, kwa sababu umakini ukimgharimu mchezaji muda mrefu zaidi ataukwepa, hasa mtu anayecheza kwenye simu akiwa foleni ya feri Likoni. Pengo ni 7 kwa kila kaa, na muda ni ule ule.

Kaa mmoja hatoshi. Nikiweka watatu, mzembe anatoka ghorofa ya kwanza na uhai 9, na hapa kuna mtego ulionichukua wiki kadhaa kuuona: hafi huko. Anashuka ghorofa ya pili akiwa taabani, popo mmoja anamgusa, anakufa, na lawama zote zinamwendea popo. Kosa lilifanyika kwa kaa, adhabu ikatolewa kwa popo, na mchezaji anajifunza kuwaogopa popo. Kifo cha safari za mwanzo kinatakiwa kitokee karibu na kosa lililokisababisha, yaani kwa adui yule yule, au kwa ndugu yake aliye mkubwa zaidi.

Kwa hivyo mlangoni pa ghorofa ya pili nikamweka Kaa Mama. Mwendo wake ni ule ule, ila uhai wake ni 24 na gando lake ni 14. Mzembe aliyekwisha kupambana na kaa wawili anamfikia na uhai 16. Anapiga, anapiga, na katika zamu ya pili gando linashuka: amebaki na 2. Hapo gemu imempa nafasi moja zaidi ya kufahamu. Akiendelea kupiga tu, zamu ya tano inammaliza. Akisogea kando zamu hiyo ya tano, gando linakwama, na pigo lake la zamu ya sita linammaliza Kaa Mama. Nimewaona watu watatu wakivuka hivyo, na uhai 2, na wote watatu walisimama kwenye kiti. Makini naye humaliza katika zamu sita bila jeraha. Aliyemfikia na uhai kamili wa 30 anaweza kupita kizembe akabaki na 2, nami simzuii, maana namba hiyo kwenye kioo inamwambia yote kabla hajashuka.

Sasa shida ya aina hii ya gemu ni kwamba ramani inapangwa upya kila safari, na mpangaji, yaani programu inayoichora, hajui kwamba wewe una somo. Ukimwacha afanye atakavyo, kuna mbegu, yaani namba zinazozaa ramani, zitakazomtoa Kaa Mama kabla ya kaa mdogo kuonekana hata mara moja. Dawa yake inajulikana: mapambano ya mwanzo yachotwe kwenye fungu lake la pekee. Slay the Spire, iliyotoka rasmi 2019, inafanya hivyo. Mapambano matatu ya kwanza ya sehemu ya kwanza yanatoka kwenye kundi la maadui wepesi zaidi, halafu ndipo kundi gumu linafunguliwa. Bado hujui utakutana na nani, lakini hukutani na yeyote ambaye hujaandaliwa. Mimi kanuni yangu ni ndogo zaidi: kaa wa kwanza yuko peke yake, wa pili anaweza kuwa na mwenzake asiye kaa, Kaa Mama ni wa mwisho.

Mpangilio wa vyumba nao unaweza kuliua somo bila wewe kujua. Mpangaji wangu alikuwa akimweka kaa kwenye ujia wa upana wa mraba mmoja. Humo hakuna kando ya kusogea. Mchezaji anaweza kurudi nyuma, gando linakosa, lakini sasa yuko mbali mraba mmoja na zamu ya gando kukwama inaishia kwenye kumsogelea tena. Aliyekutana na kaa wake wa kwanza hapo alijifunza kwamba kukwepa hakulipi. Nilitibu kwa mistari miwili:

```
def kaa_anafaa(chumba):
    return min(chumba.upana, chumba.urefu) >= 3
```

Utajuaje kwamba somo limeingia? Usiwaulize wachezaji, watakuambia gemu ni nzuri, hasa wakiwa ni jamaa zako na kahawa umenunua wewe. Andika kwenye faili la rekodi uhai uliopotea kwa kila kaa, pamoja na namba ya kaa huyo tangu mtu aanze kucheza: kaa wa kwanza, wa tatu, wa kumi. Ikiwa wa kwanza anachukua 7 na wa kumi anachukua 7, hakuna kilichofundishwa, hata kama watu wanapita. Kwangu ilikuwa hivyo mwanzoni, na sababu haikuwa kwenye namba hata kidogo. Gando likiinuka, picha yake ilibadilika kwa nukta mbili tu. Kijana aliniambia, "Yuwanipiga ghafla tu, ami, sioni kitu." Nikaupaka rangi nyekundu mraba utakaopigwa, zamu moja kabla. Slay the Spire nayo huonyesha juu ya kichwa cha adui anachokusudia kufanya. Baada ya rangi ile, sikugusa namba yoyote, na rekodi za kaa wa nne na wa tano zikaanza kuonyesha sifuri.

Usijipime kwa mikono yako mwenyewe pia. Mimi nimeshawaua kaa maelfu, sipati tena jeraha. Niliandika wachezaji wawili wa kompyuta, Mzembe anayemwendea adui aliye karibu na kumpiga, na Makini anayekwepa mraba mwekundu, nikawapitisha kila mmoja kwenye mbegu 1,000. Lengo langu ni Makini apite ghorofa ya kwanza karibu kila mara, na Mzembe apite mara moja katika tano, pale anapookota mtungi wa dawa njiani. Siku moja Mzembe alianza kupita nusu ya safari zake. Nilikuwa nimeongeza mitungi na kusahau.

Kuna njia nyingine ya kulainisha mwanzo: kumwongezea mchezaji nguvu kila anapokufa. Hades ya 2020 inayo kama hiari, God Mode, inayopunguza madhara kwa asilimia 20 na kuongeza 2 kila kifo hadi ifike 80. Pale imewekwa wazi na mchezaji ameichagua. Ukiificha na kumpa kila mtu, nakushauri usiguse kabla ghorofa ya kwanza haijakamilika, kwa sababu rekodi zako hazitakuambia tena kama mtu amejua kukwepa au amenenepa tu.

Kwa wazoefu, ambao kaa hawawatishi tena, nimeweka pango la pembeni lenye kaa watatu pamoja na chaza mmoja wa thamani. Mgeni akichungulia anaiona miraba mitatu myekundu na kurudi. Hakuna anayelazimishwa kuingia.

Kinachonisumbua sasa ni pweza. Yeye hupiga miraba ya kando, na mbele yake ndiko salama. Nilimweka chumba cha kwanza cha ghorofa ya pili, nikidhani nimefanya ujanja. Waliokuwa wamejua kusogea kando dakika tano tu zilizopita walisogea kando, wakapigwa, na kijana wangu akaifunga kompyuta. "Gemu yako ni mwongo," akaniambia. Nimempeleka pweza ghorofa ya nne, na kabla yake nimetia chumba kimoja ambamo pweza yuko ng'ambo ya maji, anampiga kaa, na mchezaji hawezi kufanya lolote ila kutazama.