Madaftari yaliyochanganyika, na kwa nini jibu ni 1

Chukulia mwalimu ana madaftari n ya darasa lake. Anayachanganya, kisha anamgawia kila mwanafunzi moja bila kutazama jina. Kwa wastani, wangapi watapata daftari lao wenyewe? Kila mgao ni mpangilio wa nasibu, na mwanafunzi aliyeangukiwa na daftari lake ni nukta isiyohama.

Anayeanza somo hili hukimbilia kutafuta uwezekano wa kupata 0, 1, 2 na kuendelea, halafu anakwama. Darasa la watu 10 tu lina mipangilio 3,628,800. Acha njia hiyo. Mpe kila mwanafunzi i kigeu X_i: ni 1 akipata daftari lake, ni 0 asipopata. Idadi tunayoitaka ni X = X_1 + ... + X_n. Kwa kuwa X_i ni 0 au 1, thamani yake tarajiwa, yaani wastani wake, ni uwezekano wa kuwa 1, nao ni 1/n. Thamani tarajiwa ya jumla ni jumla ya thamani tarajiwa, basi:

```
E(X) = n × 1/n = 1
```

Darasa liwe la watu 5 au 500, jibu halibadiliki.

Pa kuteleza ni hapa: "Wa pili hawezi kuwa na 1/n, kwa sababu daftari moja limeshachukuliwa." Tujaribu n = 3. Wa kwanza akichukua lake, wa pili ana 1/2. Wa kwanza akichukua la wa pili, huyu ana 0. Akichukua la wa tatu, wa pili ana 1/2 tena. Kila hali ina uwezekano wa 1/3, kwa hiyo wa pili anapata 1/6 + 0 + 1/6 = 1/3. Ile 1/2, yaani 1/(n-1), inafaa tu ukishajua kuwa wa kwanza hakuchukua la wa pili.

Vigeu hivi vinategemeana, lakini kujumlisha thamani tarajiwa hakudai visitegemeane. Kuzidisha uwezekano ndiko kunakodai. Ukisema uwezekano wa kutopata hata mmoja kwa n = 3 ni (2/3)³ = 8/27, umekosea. Orodhesha mipangilio yote 6: nukta zisizohama ni 3, 1, 1, 1, 0, 0. Zenye sifuri ni 2 kati ya 6, yaani 1/3. Na jumla yake ni 6, ukigawanya kwa 6 unapata 1, kama fomula ilivyosema.

Tena, usisome 1 kuwa ndilo tokeo la mara nyingi zaidi. Kwa n = 4, kati ya mipangilio 24, 9 haina nukta isiyohama, 8 ina moja, 6 ina mbili, na 1 ina nne. Tatu haiwezekani: watatu wakishapata yao, daftari lililobaki ni la wa nne.