Mteja kabadilisha mshono baada ya kukata, na tajiri anataka kunikata mshahara

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Mimi ni fundi cherehani, nimeajiriwa kwa mshahara wa mwezi hapa Mombasa. Mteja alileta kitambaa chake tumshonee gauni 8 za sare ya harusi. Mikono alitaka ya robo tatu. Niliandika kwenye daftari, nikampigia picha mchoro nikamtumia kwa Watsapu, akajibu "sawa hivyo hivyo". Zilipokwisha akasema anataka mikono mirefu ya kengele, bila kuongeza pesa, na harusi ni baada ya siku mbili. Tajiri wangu akanunua mita 12 za kitambaa kwa shilingi 650 kila mita, akasema mteja ni mfalme, na hizo 7,800 nitakatwa. Nimekesha usiku mara mbili kuzimaliza. Je, ni haki? Na ile mikono 16 niliyoifumua pamoja na vipande vilivyobaki, naweza kuvichukua nishone nguo za watoto niuze, nifidie hasara yangu?

JIBU: Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Hapa pana mikataba miwili, na tajiri wako ameichanganya. Mmoja ni baina ya mteja na duka: kitambaa chake, kazi yenu, bei waliyokubaliana. Wa pili ni baina yako na tajiri: wewe unampa muda wako na ufundi wako kwa mwezi, naye anakupa mshahara. Huyo mama hakukuajiri wewe. Kwa hiyo akidai kitu nje ya makubaliano, wa kumjibu ni mwenye duka, ama kwa kumkatalia ama kwa kumkubalia. Akimkubalia ili asimpoteze, huo ni ukarimu wake na huenda akapata thawabu, lakini ukarimu hutoka mfukoni mwa mkarimu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kuwa mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Mshahara ulioufanyia kazi ni mali yako.

Tajiri anaweza kusema: fundi ndiye aliyekata, na fundi hulipa alichoharibu. Ni kweli hulipa, ila kwa sharti. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo watu wa pwani wengi wanayoyafuata, mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana. Halipi kilichoharibika mpaka iwe amevuka mipaka au amezembea. Ungekata robo tatu huku umeambiwa ndefu, au ungeacha pasi ikaunguza kitambaa, ningekwambia ulipe. Wewe umekata ulichoambiwa. Na tazama, kitambaa hakikuharibika hata. Kilichobadilika ni moyo wa mteja.

Ila hapa sitaki ufurahi haraka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameitaja kesi inayokaribiana na yako katika kitabu chake cha Minhaji: mtu kampa fundi kitambaa, fundi kakikata joho, kisha akasema "wewe ndiwe uliyeniamuru joho", na mwenye kitambaa akasema "hapana, nilikwambia kanzu". Nani anaaminiwa? Kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa anaaminiwa mwenye kitambaa kwa kiapo chake. Fundi hapati ujira, na juu yake analipa upungufu uliokipata kitambaa. Imamu Ahmad na kabla yake Ibn Abi Layla walimwamini fundi, lakini kwetu sivyo. Mafundi wengi nikiwaeleza hili hushtuka, kwa kuwa wao hudhani neno lao ndilo la kwanza kwa vile wao ndio waliopima.

Kilichokuokoa ni lile daftari na ule ujumbe. Kiapo cha mwenye kitambaa huja pale ambapo hakuna ushahidi, na wewe unao: maandishi yako, mchoro, na jibu lake mwenyewe. Tena kwa ulivyoeleza, mama huyo hasemi kuwa aliagiza mikono mirefu tangu mwanzo. Anasema sasa anaitaka. Basi hata mzozo wa nani muongo haupo. Hilo ni agizo jipya, na agizo jipya lina bei yake. Usiufute ujumbe huo, na umwonyeshe tajiri kwa upole mkiwa wawili, si mbele ya wateja.

Kuhusu kufumua na kushona upya, hilo lilikuwa wajibu wako maadamu ni ndani ya saa zako za kazi. Muda wako wa mchana ameshaununua. Akikwambia shona gauni lile lile mara tatu, utashona. Usiku ni jambo jingine. Usiku hakuununua, na hana haki ya kukulazimisha. Lakini je, mlitaja malipo kabla hujakaa kwenye cherehani? Kwani Nawawi anasema hivi pia: aliyepewa nguo aishone na ujira usitajwe, basi hana ujira. Kisha akataja kauli nyingine, kwamba akiwa ni mtu anayejulikana kwa kazi hiyo ya malipo hupewa, na akaashiria kuwa kauli hiyo huenda ikapendeza. Mimi naona yafaa umdai tajiri malipo ya usiku hizo mbili kwa kauli hii ya pili, lakini akishikilia ile ya kwanza sitamwita dhalimu. Mara nyingine sema kabla: "Nitakesha, na usiku ni kiasi fulani."

Akiendelea kushikilia zile 7,800, usimpeleke kwa kadhi. Watu wetu hukimbilia huko kwa kila jambo, na mahakama ya kadhi hapa Kenya husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za kibinafsi tu. Nenda kwa afisa wa leba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi, na hakuna kusudi katika kufuata kipimo. Kudai haki yako kwa njia hiyo si kumvunjia heshima tajiri.

Sasa ile mikono 16. Najua kuna msemo kuwa aliyedhulumiwa ajilipe, na una asili: Hind binti Utba alishtaki kuwa mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, na Mtume akamruhusu achukue kwa wema kinachomtosha yeye na mwanawe. Lakini Hind alichukua mali ya yule yule aliyemnyima. Wewe aliyekunyima ni tajiri, na vipande hivyo ni vya mteja; alivileta yeye, na kufumuliwa hakukuviondoa katika milki yake. Ukivichukua, utakuwa umemlipisha mtu deni la mwingine. Na hata droo ya tajiri usiiguse, kwa sababu baadhi ya maulamaa walioruhusu kujilipa waliweka sharti kuwa haki isipatikane kwa njia ya mahakama, na yako yapatikana.

Vifunge vipande vyote na mikono yote katika mfuko mmoja, umpe mama pamoja na gauni zake siku anapokuja kuchukua. Akisema "baki navyo, fundi", hapo ni vyako halali, na nguo za watoto shona.

Wallahu aalam.